Sitini na nne ya Rehema

Mama Rehema aliweka karatasi ya matokeo juu ya meza yangu, akabandika kidole kwenye namba moja.

64.

"Mwalimu, mwezi wa tatu alikuwa na 71. Leo 64. Hizo alama saba zimekwenda wapi?"

Ilikuwa Jumamosi ya kikao cha wazazi, mwezi wa sita, hapa Tanga. (Rehema si jina lake.) Nje foleni ilikuwa ndefu, na mimi nikamjibu kama tunavyojibu wengi wetu: ameshuka kidogo, aongeze bidii, apunguze simu. Akashukuru. Alipofika mlangoni akamgeukia binti yake na kumwambia maneno ambayo sikuyasikia, ila niliona Rehema akiinamisha kichwa na kuangalia viatu vyake.

Jibu langu halikuwa la kweli. Sikuwa na ushahidi wowote kwamba Rehema ameshuka. Nilikuwa na namba mbili tu, na nikaziamini kwa sababu zimeandikwa kwa wino.

Jambo hilo lilinisumbua kwa wiki kadhaa.

## Asubuhi moja, alama mbili

Likizo ilipoanza nilibeba karatasi zote 48 za Hisabati za Kidato cha Tatu nikaenda nazo nyumbani. Mtihani nilikuwa nimeutunga kwa sura ya ule wa Kidato cha Nne: maswali 14, kumi ya kwanza ya alama 6 kila moja, manne ya mwisho ya alama 10. Jumla 100.

Nikafanya jambo rahisi. Nikajumlisha alama za maswali ya namba witiri peke yake, yaani la 1, la 3, la 5 mpaka la 13. Kisha nikajumlisha za namba shufwa, la 2 mpaka la 14. Kila upande una maswali matano ya alama 6 na mawili ya alama 10, kwa hiyo kila upande ni alama 50. Ni kama kuwa na mitihani miwili midogo iliyofanywa na watoto wale wale, kwenye dawati lile lile, asubuhi ile ile.

Rehema alipata 36 upande wa witiri na 28 upande wa shufwa.

Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kama ningekuwa nimetunga mtihani wote kwa mtindo wa maswali ya witiri, angekuwa na kama 72, na mama yake angeondoka anatabasamu. Kama ningeutunga kwa mtindo wa maswali ya shufwa, angekuwa na 56, na sijui nyumbani pangekuwaje. Mtoto hakubadilika kati ya swali la 1 na la 2. Hakusahau Hisabati akaikumbuka tena kila baada ya dakika kumi. Kilichobadilika ni maswali aliyokutana nayo: hili alilifanyia mazoezi juzi, lile alikosea alama ya kutoa kwenye mstari wa pili, jingine alilisoma haraka akaandika mzingo badala ya eneo.

64 ilikuwa jumla ya anayoyajua na ya bahati ya siku hiyo. Na karatasi haionyeshi mpaka uko wapi.

## Namna ya kuupima mtikisiko

Nikafanya hivyo hivyo kwa wote 48. Kwenye safu moja niliandika alama za witiri, kwenye nyingine za shufwa, na kwenye safu ya tatu tofauti yake. Rehema alikuwa na 8. Wengine 1, wengine hasi 4, mmoja alifika 13. Halafu nikaiambia kompyuta initafutie mkengeuko sanifu wa tofauti hizo, yaani kwa kawaida zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake:

```
=STDEV.S(E2:E49)
```

Ikajibu 5.6.

Hiyo 5.6 ndiyo wataalamu wa upimaji wanaiita kosa sanifu la upimaji. Vitabu vingi hulitafuta kwa njia ndefu kidogo: unachukua mkengeuko sanifu wa alama zenyewe, unaukokotoa pamoja na kiwango cha uthabiti wa mtihani. Mimi nilifanya hivyo pia ili nijiridhishe. Alama za darasa zilikuwa na wastani wa 57 na mkengeuko sanifu wa 14, uthabiti ukatoka 0.84, na hesabu ikafika pale pale:

```
14 × √(1 − 0.84) = 14 × 0.4 = 5.6
```

Lakini njia ya kutoa witiri na shufwa naipenda zaidi kwa sababu unaona kinachotokea. Ujuzi wa mtoto umo pande zote mbili. Ukitoa upande mmoja kwenye mwingine, ujuzi unafutana, kinachobaki ni bahati ya pande mbili. Na bahati hiyo, ukiijumlisha au ukiitoa, hutawanyika kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo mtawanyiko unaouona kwenye tofauti ndio uliojificha ndani ya jumla.

Kuna sharti moja ambalo mwalimu asilisahau. Vipengele vya swali moja vibaki upande mmoja. Ukiweka 11(a) huku na 11(b) kule, na (b) inategemea jibu la (a), mtoto aliyekosea moja atakosea na la pili, pande mbili zitafanana kwa uongo, na utapata kosa dogo kuliko lilivyo. Nilijaribu kwa makusudi kuvipasua vipengele, na 5.6 ikateremka. Ilipendeza machoni lakini si kweli.

Sasa rudi kwa Rehema. Chukua 64, toa 5.6, ongeza 5.6. Unapata kama 58 hadi 70. Masafa ya upana huo hushika alama halisi ya mtoto, yaani ile ambayo angepata bila bahati ya siku, kwa karibu watoto wawili kati ya kila watatu. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, unazidisha 5.6 kwa 1.96, unapata 11. Masafa yanakuwa 53 hadi 75.

Hamsini na tatu hadi sabini na tano.

Kwa madaraja yetu, C inaanzia 45, B inaanzia 65, A inaanzia 75. Mtihani mmoja wa saa tatu, uliotungwa kwa uangalifu, ulishindwa kuniambia kama mtoto huyu ni wa C ya kati au yuko mlangoni mwa A. Na mama yake alikuwa akiniuliza kuhusu alama saba.

## Alama saba zile

Hapa ndipo nilipojisikia vibaya zaidi. Alama ya Juni ina mtikisiko wa 5.6. Ya Machi nayo ina wake, na mtihani ule ulikuwa wa sura ile ile, kwa hiyo tuuchukulie sawa. Ukilinganisha alama mbili zinazotikisika, tofauti yake inatikisika kuliko kila moja peke yake. Mitikisiko haijumlishwi moja kwa moja. Kila mmoja unapigwa kipeo cha pili, unajumlisha, unatafuta kipeuo:

```
√(5.6² + 5.6²) = 7.9
```

Tofauti ya Rehema ilikuwa 7. Ni ndogo hata kuliko mtikisiko huo wa 7.9. Mtoto ambaye hajapanda wala hajashuka anaweza kuonyesha tofauti ya 7 bila shida yoyote. Ili niseme "ameshuka" kwa uhakika ule wa asilimia 95, tofauti ingepaswa kufika kama alama 16.

Na nafasi darasani? Machi alikuwa wa 8, Juni wa 15. Mama alikuwa ameizungushia duara hiyo 15. Nikahesabu: kati ya 58 na 70 walikuwamo wanafunzi 14. Watoto 14 wamebanana ndani ya alama 12, mwenye kuteleza swali moja la alama 6 anapitwa na nusu ya kundi. Tunaandika nafasi kwenye ripoti kana kwamba ni foleni ya benki.

## "Kosa la nani?"

Mwezi wa nane mkuu wa shule alinipa dakika ishirini kwenye kikao. Nilijiandaa vizuri, nikachora ubaoni, nikasema kwa sauti: kila alama ina kosa sanifu.

Mzee mmoja mstaafu akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo mnakiri mlikosea kusahihisha?"

Nikaeleza kwamba sivyo. Akauliza tena, kwa upole: "Basi hilo kosa ni la nani?"

Sikuwa na jibu fupi. Neno lenyewe lilikuwa limenitega. Kwa Kiswahili chetu kosa lina mwenyewe. Mtu amekosa, aombe radhi. Mzazi akisikia "kosa" kwenye matokeo ya mwanawe anatafuta wa kumlaumu, na mwalimu aliyesimama mbele ndiye wa karibu. Tangu siku hiyo, nikiwa na wazazi nasema *mtikisiko wa alama*. "Kosa sanifu" naliacha kwenye daftari langu.

Kisha baba mmoja, ambaye mwanawe alikuwa na 64 kama Rehema, akasimama akiwa na furaha ya kweli. "Kwa hiyo wangu amepata 75!"

Aliyemfuata akakunja uso. "Au 53."

Nilikuwa nimeondoa namba moja nikawapa mbili, na kila mmoja amechagua ya kwake. Sikuwa nimewaambia kwamba masafa hayana uzito sawa kote. Katikati, karibu na 64, ndipo penye uwezekano mkubwa. Kadiri unavyosogea pembeni unapungua, na kule 53 na 75 ni kama makombo. Wala sikuwa nimewaambia maana ya ile asilimia 95. Nilikuwa nimesema "kuna asilimia 95 kwamba mtoto yuko humu," kauli inayosikika vizuri lakini inambebesha mtoto jambo ambalo ni la kipimo. Iliyo sahihi ni hii: nikiwaandikia wazazi 100 masafa ya namna hii, karibu 95 nitakuwa nimewaambia kweli, na kama watano nitakuwa nimewakosea, na sitajua ni akina nani.

Nilitaka kuketi. Aliyeniokoa ni Mama Rehema.

Yeye anauza dagaa sokoni. Akasema, akiwa amekaa, bila kunyoosha mkono:

"Mwalimu anasema habari ya kopo. Kopo ni lile lile, dagaa ni wale wale wa gunia moja. Ukijaza mara tatu ukapima kwenye mizani, hupati sawasawa hata siku moja. Mara wamelala vizuri, mara wamesimama wameacha nafasi. Hujamwibia mtu. Ndivyo dagaa walivyo."

Ukumbi ukacheka, halafu ukanyamaza, na nikaona wazee wawili wakitikisa kichwa kukubali. Nikamwomba aendelee. Nikamuuliza, mteja akilalamika kwamba kopo la leo ni jepesi kuliko la jana, anajuaje kama ni kweli?

"Inategemea jepesi kiasi gani," akasema. "Kidogo, huo ni ujazaji. Likiwa nusu, hapo kuna mtu kaligonga kopo chini likabonyea."

Sijawahi kuisikia hesabu ya tofauti kati ya alama mbili ikielezwa vizuri hivyo.

## Aliyeshuka kweli

Maneno ya kopo lililobonyea yalinirudisha kwenye orodha yangu jioni ile. Nikaweka alama za Machi na Juni bega kwa bega, nikatafuta tofauti zinazopita 16.

Walikuwa watatu. Mmoja, kijana mpole wa dawati la nyuma, alitoka 68 hadi 41.

Alama 27. Kutoka B hadi D. Hiyo si ya ujazaji.

Hakuna aliyekuja kuniuliza habari zake kwenye kikao cha Juni. Mlezi wake hakufika. Nami nilikuwa nimetumia saa nzima ya Jumamosi ile kufariji wazazi juu ya alama tano, sita, saba, huku karatasi yake ikiwa chini ya rundo. Nilipomwita akaniambia kwamba tangu mwezi wa nne anamsaidia kaka yake kukaanga chipsi mpaka usiku wa manane. Tulizungumza na kaka mtu. Sasa anaondoka kwenye banda saa mbili usiku, siku za shule.

Nililiwaza sana jambo hili, kwa sababu hofu yangu ya mwanzo ilikuwa kinyume. Nilidhani nikiwaambia wazazi kwamba alama inatikisika, watoto watapata kisingizio na wazazi wataacha kujali. Mwenzangu wa Fizikia bado anaamini hivyo, na simdharau; anasema mtoto akijua 64 inaweza kuwa 70, hatasoma. Ila mimi nimeona kwamba mtikisiko ukishajulikana, ndipo unapoweza kutambua kile ambacho si mtikisiko.

## Kisichoingia kwenye 5.6

Naomba nisieleweke kwamba 5.6 inabeba kila kitu. Pande zangu mbili zilifanywa asubuhi moja. Mtoto aliyeamka na malaria aliugua pande zote mbili, kwa hiyo homa yake haionekani kabisa kwenye tofauti. Mimi ndiye niliyesahihisha zote. Mwalimu mkali zaidi angeteremsha pande zote mbili pamoja, na hilo nalo halionekani. Mtikisiko halisi, ukihesabu siku na msahihishaji, ni mkubwa kuliko 5.6. Nilichokipata ni kima cha chini.

Na ukishuka kwenye mada moja moja, hali ni mbaya zaidi. Swali la 13 lilikuwa la duara, alama 10, Rehema akapata 3. Mwalimu wake wa tuisheni akaandika "dhaifu kwenye duara". Swali moja! Nilimpa Rehema maswali mengine manne ya duara kwenye karatasi ya daftari. Matatu alipata. Lililomshinda ni lile la pembe za pembenne iliyo ndani ya duara, na hilo tulilifanyia kazi.

## Swali la mwisho la mama

Wiki mbili baada ya kikao, Mama Rehema alipita shuleni na kopo lake la dagaa, zawadi. Nikampa karatasi niliyoiandaa: mstari ulionyooka kutoka 0 hadi 100, kivuli cha penseli kizito karibu na 64 kinachofifia kuelekea pembeni, na mipaka ya madaraja imechorwa kwa wino mwekundu. Aliitazama, kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa.

"Na Baraza la Mitihani nao watamchorea kivuli?"

Hapana. Wataandika daraja moja. Akipata 64 ni C, akipata 65 ni B, hata kama kati yao hakuna tofauti ya ujuzi inayoweza kupimwa. Mstari lazima upite mahali, na popote utakapopita kuna watoto watakaoangukia upande usio wao kwa mtikisiko tu. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba.

"Basi akiwa na ujuzi wa 65 hasa?"

"Mama, hapo ni nusu kwa nusu. Kama kurusha shilingi."

"Na ili avuke, awe na wa ngapi?"

Nikachukua kalamu. Kama mtikisiko wa mtihani ule utakuwa karibu na huu wa kwangu, mtoto mwenye kiwango kilichozidi mstari kwa mtikisiko mmoja, yaani 65 na 5.6, kama 71 hivi, huvuka mara tano kati ya kila sita. Akifika 74, huvuka mara kumi na tisa kati ya ishirini.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo 65 si ya kuilenga."

"Si ya kuilenga, mama. Tuna mwaka mzima na miezi miwili."

Akaigeuza karatasi ya kivuli, akaazima kalamu yangu, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: 74, DUARA. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa khanga pamoja na noti za sokoni.